Nimempa mbanguaji magunia 20 ya korosho ghafi, nimerudishiwa kilo 304: nimwombe hesabu kwa njia gani?

Mwana wa Maweni (Malindi)

Assalamu alaikum wanajamvi, na salamu kwenu nyote.

Mimi hununua korosho ghafi kwa wakulima wa Magarini na kwa mawakala wa Mpeketoni, kisha huzipeleka kwenye karakana moja ya kubangua ambayo sitaitaja. Korosho ni zangu tangu zinapoingia mpaka zinapotoka, na mwenye karakana huniuzia kazi tu: namlipa ujira kwa kila kilo ya viini vyeupe anavyonirudishia. Tangu 2009, ilipopigwa marufuku kupeleka korosho ghafi nje ya Kenya, sisi tusio na mitambo hatuna njia ila kutafuta wa kutubangulia.

Nilimpelekea magunia 20 ya kilo 80, jumla kilo 1,600, na hati ya kupokelea mzigo anayo na mimi ninayo. Unyevu ulisomwa asilimia 10. Kabla ya kuanza tulipasua kilo moja ya sampuli mbele ya wote wawili, tukapata gramu 248 za viini vizuri, gramu 24 za viini vyenye madoa au vilivyonyauka, na vilivyooza tukavitupa. Tulijaribu pia kukausha na kumenya kilo 10 za viini vyenye ngozi, zikatoka kilo 9.

Sasa amenikabidhi kilo 304 na kuniambia kwamba kazi imekwisha na kwamba pengo ni "upotevu wa kawaida". Mkataba wetu ni ukurasa mmoja, na kuhusu jambo hili unasema tu: "Upotevu usizidi asilimia 5." Nikimuuliza asilimia 5 ya nini, ananijibu kwamba asilimia 5 ya mzigo niliomletea, yaani kilo 80, na kwamba kwa hesabu hiyo amenirudishia zaidi ya haki yangu.

Sitaki kumtuhumu mtu kwa jambo nisilolijua, na bado namhitaji msimu huu. Nataka kujua namna ya kumwomba hesabu ya mali yangu kwa maandishi, na nijue pia jibu lake likija nitalipima kwa kipimo gani.

Karani wa Kilifi

Wa alaikum salaam, dada.

Jambo la kwanza ni kwamba korosho hizo, maadamu hujaziuza, ni stoki yako hata kama zimelala ghalani kwa mtu mwingine, na zinapaswa kuonekana kwenye vitabu vyako na si kwenye vyake. Kwa sababu hiyo una haki kamili ya kuomba barua yenye sahihi inayosema kiasi gani cha mali yako kiko kwake tarehe fulani. Mkaguzi yeyote wa hesabu angeiomba barua hiyo mwisho wa mwaka, kwa hiyo mwenye karakana asione kwamba umemdhania vibaya.

Jambo la pili, hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua kilo zilizoingia, toa kilo zilizotoka, toa asilimia 5, na kinachobaki ni deni lake. Mkate katika ujira wa mwezi huu kabla hujampeleka mzigo mwingine, kwa maana ukishamlipa hutaweza kumrudia.

Mzee wa Mizani

Karani amesema kweli kuhusu umiliki na kuhusu barua, na hapo simwongezi neno. Lakini hesabu yake ya pili, dada akiifuata, itamfanya amdai mwenzake zaidi ya kilo 1,200, kwa sababu sehemu kubwa ya korosho ghafi ni ganda. Ganda halijapotea, halikuwa bidhaa tangu mwanzo. Katika kazi hii huwezi kulinganisha kilo iliyoingia na kilo iliyotoka moja kwa moja. Unalinganisha viini vilivyotarajiwa na viini vilivyopatikana, na ndiyo maana ile sampuli mliyopasua ni hati muhimu kuliko mkataba wenyewe.

Tuifanye hesabu polepole. Desturi ya biashara ya korosho ni kuhesabu viini vizuri kwa uzito wote na vyenye madoa au vilivyonyauka kwa nusu ya uzito, na vilivyooza havihesabiwi kabisa. Gramu 248 ukiongeza 12 ni gramu 260 kwa kila kilo. Kwa gunia la kilo 80 hiyo ni kilo 20.8 za viini vyenye ngozi. Wanunuzi wakubwa wangeandika kwamba mzigo una ratili 46 hivi kwa gunia, nao ni mzigo wa kadiri, si mbaya. Kwa magunia 20 unapata kilo 416.

Viini hivyo bado vina ngozi na bado vina unyevu. Vikiingia tanurini na kumenywa, kwa jaribio lenu wenyewe kilo 10 huwa 9. Kwa hiyo kilo 416 zinakuwa 374. Kushuka huku kutoka 416 hadi 374 pia si upotevu, kwa sababu ni maji yaliyokwenda hewani na ngozi iliyomenywa, na hakuna mbanguaji duniani anayeweza kukurudishia. Usimdai, na yeye asikuhesabie mara ya pili.

Asilimia 5 inaanzia hapo. Upotevu ni kiini ambacho kingeweza kukufikia na hakikukufikia: kilichobaki kimenasa kwenye ganda, kilichopondwa kikawa unga, kilichoungua tanurini, kilicholiwa, kilichoanguka sakafuni kikafagiwa. Asilimia 5 ya kilo 374 ni kilo 19 kasoro kidogo. Yeye anachukua asilimia 5 ya korosho ghafi, ambazo ndani yake mna ganda, kisha kilo 80 hizo anazitoa kwenye viini. Hapo amepima kwa kitu kimoja na kutoa kwenye kitu kingine. Kwa kusoma kwake ulitakiwa upate kilo 294, ndiyo maana anasema amekuzidishia. Kwa kusoma kwangu ulitakiwa upate kilo 355 au 356, na pengo ni kama kilo 52.

Lakini nakuomba usiende kwake na kilo 52 mdomoni. Hujui bado kama magunia yote 20 yalifunguliwa. Anaposema kwamba kazi imekwisha huenda anamaanisha kwamba wafanyakazi wamesimama. Mwombe kwanza taarifa ya mali, kisha nenda ukahesabu. Mimi ningeandika hivi:

"Kwa heshima, naomba taarifa ya korosho zangu zilizoko kwako kufikia Jumamosi jioni. Naomba ionyeshe magunia niliyoleta na uzito wake siku yalipopokelewa; magunia yaliyofunguliwa na yasiyofunguliwa; viini vilivyomo tanurini, mezani pa kumenyea na kwenye ndoo; viini nilivyokwisha kuchukua; vipande na unga; na vilivyotupwa, vyote kwa kilo. Nitafika Jumamosi baada ya kazi kusimama ili tupime pamoja na sote wawili tutie sahihi. Ombi hili halimaanishi kwamba nimeikubali wala kuikataa hesabu ya awali."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Inamfungulia mlango wa kuonyesha alichosahau bila kuona haya, na wakati huohuo inakulinda asije akasema kwamba ulipokea kilo 304 ukanyamaza.

Siku ya kuhesabu, kazi isimame kabisa. Hesabu inayofanywa huku ndoo zinapita kutoka meza hii hadi ile huhesabu ndoo moja mara mbili na nyingine isihesabiwe kabisa. Tazama pia mizani yake kama ina muhuri wa ukaguzi wa vipimo vya serikali wa mwaka huu, na uipime kwanza kwa kitu ambacho uzito wake unaujua.

Turubai Lamu

Nashukuru kwa uzi huu, kwa sababu yamenifika hayohayo. Mimi nipo Lamu na hupeleka turubai kwa mafundi ili wanishonee mikoba. Nilipima kwa mita, nikagundua kwamba fundi hurudisha mikoba pungufu, na kumbe roli iliyoandikwa mita 50 kiwandani ilikuwa na mita 48 na nusu. Tangu hapo kila roli hukunjuliwa na kupimwa kabla ya kuingia stoo, na kipande cha mwisho cha kila roli kinarudi kwangu hata kikiwa cha shibiri mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa dada ni kwamba adai maganda yote yarudishwe. Maganda yakirudi, utajua ni korosho ngapi zilipasuliwa, kama mimi ninavyojua kwa vipande. Na asilimia 5 ni nyingi mno. Kwa mikoba mimi hukubali 3.

Mbanguaji wa Msimu

Nimesoma yote kwa makini, na kwa kuwa mimi niko upande wa pili wa meza, nami ninabangua kwa ujira, naomba nisikilizwe.

Ndugu wa Lamu, turubai na korosho haviendi pamoja. Kitambaa hakikauki kikapungua, na mkato wa mkoba unaweza kuchorwa kabla hujashika mkasi, kwa hiyo upotevu wake unajulikana mapema. Korosho mbili za gunia moja hazifanani. Na maganda hatuyarudishi kwa sababu ndiyo kuni zetu. Tanuri la mvuke linalolainisha korosho kabla ya kubangua huwashwa kwa maganda hayohayo, na bei ya ujira mnayolipa imezingatia hilo. Mteja akitaka maganda yake, aongeze ujira nikanunue kuni. Ninachokubali ni kupima maganda kabla hayajachomwa, kwa sababu hilo halinigharimu ila dakika chache za kusimama na mizani.

Kuhusu hesabu ya mzee, sina ubishi na njia yake. Hata sisi wabanguaji tunaojiheshimu hatutoi asilimia ya ghafi kwenye viini. Lakini ninauliza jambo moja ambalo wateja hawapendi kuulizwa. Ile kilo moja ya sampuli ilitoka kwenye magunia mangapi? Mawakala hupakia korosho nzuri juu na za mwaka jana chini. Kama sampuli ilitoka magunia matatu ya mlangoni, basi gramu 260 ni ndoto, na mbanguaji anabebeshwa mzigo wa uongo wa wakala.

Na jambo la pili, mteja anayeniletea korosho zenye unyevu wa asilimia 11 au 12 kisha akanyamaza wiki tatu kwa sababu hajapata fedha za ujira, akirudi atakuta magunia mepesi na baadhi ya korosho zimeota ukungu. Upotevu huo si wangu.

Mzee wa Mizani

Mbanguaji amenena haki, na swali lake la sampuli ndilo ambalo mwenye karakana ya dada angepaswa kuuliza siku ya kwanza. Ningependa dada atujibu.

Kuhusu unyevu nasema hivi: kwa mzigo uliolala, hesabu magunia kwa uzito wa siku yalipopokelewa, si kwa uzito wa leo. Gunia la kilo 80 likikaa ghalani katika msimu wa kaskazi na kushuka kilo moja au mbili, kilichopungua ni maji, na viini vilivyomo ni vilevile. Ukikuta gunia limeshuka kilo 10 hayo si maji tena. Namna ya kutofautisha ni kupima unyevu siku ya kuingia na siku ya kuhesabu, kwa kipimio kilekile.

Lakini kuhusu kuoza nawatahadharisha nyote, kwa sababu hapa ndipo hesabu nyingi za korosho zinapopotezwa. Wabanguaji wengi husema, "Nyingi zilikuwa zimeoza." Huenda ni kweli, lakini zilizooza zilikwisha kuondolewa kwenye gramu 260. Mlizitupa siku ya sampuli na hazikuhesabiwa. Akizitoa tena mwishoni, amezitoa mara mbili. Anachoweza kudai kwa haki ni kwamba zilizooza zilikuwa *zaidi* ya zilizoonekana kwenye sampuli, na hilo lina ushahidi wake: aziweke kando, azipime, akuite uzione kabla hazijatupwa. Asiyeziweka hana hoja, hata kama anasema kweli.

Mwana wa Maweni (Malindi)

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote.

Nimejibiwa ile barua na Jumamosi nimekwenda. Nilikuwa na hofu kwamba angeniona mgomvi, lakini alipoisoma sentensi ya mwisho alitulia, akanipa kijana wake na mizani, nasi tukaanza kuhesabu tangu mlangoni hadi kwenye stoo ya nyuma.

Nyuma ya magunia ya mteja mwingine tumekuta magunia yangu mawili ambayo hayajafunguliwa. Yalikuwa na lebo yangu, lakini kijana aliyekuwa anaandika daftari alikwisha ondoka kazini na aliyempokea hakujua kwamba ni yangu. Yamepimwa kilo 157 badala ya 160, na kipimio cha unyevu kimesoma asilimia 8.3. Kwenye ndoo tatu zenye mfuniko tumekuta vipande vyeupe kilo 9, ambavyo mwenye karakana amesema alikuwa anasubiri vijae ili aviuze kwa mwenye duka la ubuyu na visheti kisha tuelewane. Unga uliofagiliwa mezani haukupimwa. Zilizooza zilikwisha tupwa na hakuna daftari lake.

Ndugu mbanguaji, sampuli ilitoka kwenye magunia 6 kati ya 20, na aliyeyachagua ni kijana wa karakana, si mimi.

Mzee wa Mizani

Marahaba, binti yangu. Umefanya vizuri, na sasa tuna kitu cha kuzungumzia.

Magunia mawili yenye kilo 157 yamekaa sawasawa. Kilo 160 zenye unyevu wa asilimia 10 zina kilo 144 za korosho kavu, na kilo 144 ndani ya 157 zinakupa unyevu wa 8.3, ndivyo kipimio kilivyosoma. Hakuna aliyeyagusa. Yaandike kwenye taarifa kama kilo 160 kwa uzito wa mapokezi na kilo 157 kwa uzito wa leo, vyote viwili, ili mwezi ujao asiwepo wa kuuliza kilo 3 zilikwenda wapi.

Maana yake ni kwamba magunia yaliyobanguliwa ni 18, yaani kilo 1,440. Kwa gramu 260 hizo ni kilo 374 za viini vyenye ngozi, zinazokuwa kilo 337 baada ya kukaushwa na kumenywa. Usishangae kuona 374 tena. Safari hii ni viini vyenye ngozi vya magunia 18, na mara ya kwanza ilikuwa viini vyeupe vya magunia 20. Asilimia 5 ya 337 ni kilo 17, kwa hiyo ulitakiwa upate kilo 320. Umepata 304, na zile 9 za kwenye ndoo ni zako pia, jumla 313.

Pengo limeshuka kutoka kilo 52 hadi 7. Tazama kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu haikuwa wizi wala upotevu. Ilikuwa magunia mawili yaliyofichwa na magunia mengine, na vipande ambavyo hakuna aliyeandika ni vya nani.

Hizo 7 sitakuambia ni za nani. Sampuli ya magunia 6 kati ya 20 haiwezi kubeba tofauti ndogo namna hiyo. Gramu 6 tu za kosa katika ile kilo moja, yaani mfano ingekuwa 254 badala ya 260, zingemeza pengo lote. Kwa mzigo ujao chomoa korosho kwenye kila gunia, juu, katikati na chini, uzichanganye sakafuni kwenye turubai safi, ugawe mafungu manne na kuchanganya mawili mpaka ubaki na kilo moja ya kupasua. Fanya hivyo mara mbili, na kama majibu mawili yanatofautiana sana, fanya mara ya tatu.

Vipande navyo viandikwe kwenye mkataba. Kilo ya vipande si sawa na kilo ya viini vizima sokoni, kwa hiyo mbanguaji anaweza kukurudishia uzito kamili huku amekuvunjia nusu ya thamani, na kifungu cha upotevu kisiseme lolote. Weka kiwango cha uvunjikaji peke yake, mbali na upotevu.

Karani wa Kilifi

Nakubali kwamba hesabu yangu ya kwanza ilisahau ganda, na mzee amenifundisha. Lakini kuhusu taarifa ya mali naomba nichangie, maana hapo ndipo nilipo na uzoefu.

Dada, usiridhike na barua ya mwisho wa msimu. Omba kila Jumamosi ukurasa mmoja wenye mistari hii: salio la Jumamosi iliyopita, magunia yaliyopokelewa, magunia yaliyofunguliwa, viini vilivyomo kazini, viini vilivyotoka vizima, vipande, vilivyotupwa, na salio la leo. Salio la mwanzo la wiki hii lazima liwe salio la mwisho la wiki iliyopita bila kubadilika hata kilo moja. Kama kuna marekebisho, yapewe mstari wake na sababu yake. Mara nyingi mtu anayetengeneza taarifa ili kukuridhisha hubadilisha salio la mwanzo, kwa sababu anajua kwamba wengi hawatoi karatasi ya wiki iliyopita wakalinganisha.

Na ukiona kwamba kila wiki kilo mia za ghafi zimetoa kiasi kilekile cha viini bila kupanda wala kushuka, jua kwamba taarifa hiyo haikutoka kwenye mizani. Imeandikwa kwa kuzidisha. Korosho za Mpeketoni na za Magarini haziwezi kutoa jibu moja wiki tano mfululizo.

Bado nashikilia kwamba hizo kilo 7 zilipwe, na zilipwe kwa bei ya viini vyeupe sokoni, kwa sababu ndicho ulichokosa kuuza.

Mbanguaji wa Msimu

Kwa hilo la bei sikubaliani na ndugu karani hata kidogo. Mbanguaji akipoteza kiini zaidi ya kiwango, alipe gharama ya korosho ghafi iliyokitoa pamoja na usafiri, na asidai ujira wa kilo hiyo. Bei ya viini sokoni ina faida ya mteja ndani yake, na faida hiyo mteja hakuwa na hakika ya kuipata. Mkiweka bei ya soko, kila mbanguaji atapandisha ujira ili kujikinga, au ataomba asilimia 8 badala ya 5, na mwisho mtalipa ninyi. Labda kama ni wizi uliothibitika. Hapo bei ya soko ni haki, na mkataba unaweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Kuhusu taarifa ya kila Jumamosi, mimi naikubali kwa mteja wa magunia 20 na zaidi. Kwa mteja wa magunia matatu nitamwambia aje ahesabu mwenyewe mzigo ukiisha, kwa kuwa karani wangu ni mmoja.

Na mkumbushe mwenye karakana aweke magunia ya kila mteja kwenye ubao wake, yasichanganywe kwa ajili ya nafasi. Korosho zikishachanganywa, hakuna hesabu ya mzee wala ya karani itakayozitenganisha.

Turubai Lamu

Nimeelewa sasa kwamba yangu na yenu si mamoja. Ila nina swali. Zile ndoo za vipande, kama dada asingekwenda, zingeuzwa na fedha zingekuwa za nani? Mimi mafundi wangu hushona vibeti kwa vipande vyangu na kuviuza mbele ya macho yangu kule ufukweni Shela, nami sijui kama nina haki ya kuuliza.

Mzee wa Mizani

Una haki ya kuuliza, kwa kuwa turubai ni lako hadi kipande cha mwisho, isipokuwa mmekubaliana kwamba mabaki ni ya fundi kama sehemu ya ujira, jambo ambalo wengi hulifanya kwa mazoea bila kulisema. Likisemwa halina ubaya. Maganda ya korosho ni ya mbanguaji kwa makubaliano ya namna hiyo, na bei ya ujira imelizingatia, kama alivyotueleza mwenzetu. Vipande vyeupe havimo katika makubaliano hayo, kwa sababu ni chakula na vina soko.

Kwa habari ya bei ya kilo zilizozidi kiwango, mimi niko karibu zaidi na mbanguaji kuliko karani, lakini nimeona mikataba ya namna zote mbili na yote ikafanya kazi.

Mwana wa Maweni (Malindi)

Nimezungumza na mwenye karakana jana baada ya swala ya alasiri. Magunia mawili yatabanguliwa wiki hii mbele yangu, na tumekubaliana kwamba matokeo yake ndiyo yatakayoamua hizo kilo 7: yakitoa kilo 37 au zaidi za viini vyeupe, vizima na vipande pamoja, basi sampuli ilikuwa ya kweli naye atafidia, yakitoa pungufu kwa kiasi cha kueleza pengo, nitaliacha. Mzee, najua kwamba magunia mawili ni machache, lakini sote wawili tumeridhia.

Kifungu kipya tumekiandika hivi: "Upotevu usizidi asilimia 5 ya uzito wa viini vyeupe vinavyotarajiwa kwa sampuli iliyopasuliwa siku ya mapokezi na jaribio la kukausha, na vilivyooza vipimwe mbele ya mwenye mali kabla ya kutupwa." Kiwango cha uvunjikaji hatujakubaliana, yeye anataka vipande visivyozidi 30 katika kila kilo 100, nami nataka 20. Bei ya fidia pia bado. Taarifa ya kwanza ya Jumamosi ameahidi kuileta kwa mkono, na salio lake la mwanzo litakuwa magunia mawili, kilo 160 kwa uzito wa mapokezi.

Mbanguaji wa Msimu

Kwa 20 atakataa kama hana chumba cha kulainishia viini kwa unyevu baada ya tanuri, kwa sababu kiini kikavu mno huvunjika mkononi mwa mmenyaji hata awe hodari. Muulize kama anacho. Kama hana, kubali 25 na umwombe asikaushe kupita kiasi, na siku ya magunia mawili tazama viini vinavyotoka tanurini: ukikibonyeza kiini kwa vidole kikapasuka vipande badala ya kuachia ngozi, hapo ndipo uvunjikaji wake unapotokea, si mezani.